Mikono ya Mama Mtoto

Mtaani walimwita Mama Kufuta, naye aliitika. Shule hakwenda. Kazi ya kusafisha picha aliipata akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe mpiga picha miaka na miaka, maana kukaa hakuruhusiwa. Mume alipochukuliwa na bibi harusi aliyekwenda kumpiga picha (watu hucheka wakiisikia hiyo, nao wacheke tu), aliondoka na kamera zote. Akamwachia kompyuta kuukuu yenye kibodi iliyofutika herufi. Hilo halikumpa tabu, herufi zenyewe alikuwa hazijui vizuri.

Kilichomuuma ni siku alipopita kwa mawifi zake akaikuta picha ya ukoo ukutani, yeye amekatwa kwa mkasi. Walibakiza bega lake moja kwa sababu mwanawe alikuwa ameliegemea.

Kwa hiyo mteja wa asubuhi ile alipofungua mdomo, Mama Kufuta alishamwelewa.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu," mteja alisema, akimwonyesha picha kwenye simu. "Namtaka peke yake, picha kubwa ya kuning'iniza sebuleni. Hii mikono itoe."

"Mikono ya nani?"

"Ya mamake. Tumeshamrudisha kwao. Mtoto tunaye sisi, anakunywa maziwa ya kopo na ananenepa."

Uso wa mama haukuwamo kwenye picha. Ilikuwamo mikono tu: mmoja chini ya kisogo, mwingine umelala juu ya kifua, na ngumi ndogo ya mtoto imekamata kidole cha mamake.

Mama Kufuta aliihamishia picha kwenye kompyuta, ya asili akaiweka pembeni, akafanya kazi kwenye nakala. Alianza na blanketi lililomzunguka mtoto. Alichota vipande upande uliokuwa wazi akavipandikiza juu ya vidole, kila mara akichota mahali tofauti, maana kipande kimoja ukikirudia jicho hukinasa mara moja. Mikunjo akaifuata ilivyolala. Chini ya kisogo blanketi lilikuwa limebonyea kwa uzito wa kiganja, akalituliza, kisha akaweka kivuli laini chini ya mtoto. Bila kivuli angeonekana anaelea hewani.

Ngumi ikamsumbua. Alipofuta kile kidole, mtoto akabaki amekamata hewa. Akavuta upindo wa blanketi akaupitisha ndani ya ngumi.

"Hapo sasa!" shangazi mtu alisema. "Dada, una mikono ya dhahabu."

Mama Kufuta alikuwa amefika kifuani, pale mkono ulipofunika fulana ya kufumwa. "Hapa chini pakoje? Ni vifungo au kamba? Mistari ya ufumaji inashuka au inakwenda pembeni? Nikibuni, itaonekana."

"Mimi nitajuaje? Hiyo fulana ilishachanika, tukaitupa."

"Anayejua ni nani?"

Shangazi akampigia mama mtoto na kuiweka simu kwenye spika. Ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili.

"Wifi! Mtoto mzima?"

"Mzima. Nakuuliza, ile fulana ya njano, mbele ina nini?"

"Niliifuma mwenyewe, wifi! Mistari inashuka. Vifungo vitatu, vyeupe, ila cha kati kilidondoka nikashona cha bluu. Mnamvalisha? Si itakuwa inambana sasa? Shingo yake ina joto, usimfunge cha juu."

"Haya, nimekusikia."

"Wifi, nitumie hata picha moja. Moja tu."

Shangazi alikata simu. "Weka vyeupe vyote vitatu," akasema.

Mama Kufuta aliviweka vyeupe. Cha juu akakiacha wazi.

Ilipokamilika, mtoto alikuwa amelala peke yake kwenye blanketi, ametulia kama hajawahi kubebwa na mtu.

"Mtumie," Mama Kufuta alisema.

"Nani?"

"Si ameomba? Nami nimejenga fulana kwa maneno yake. Mtumie, ndipo nichapishe."

Shangazi alimwangalia kwa jicho la pembeni, lakini picha aliitaka. Aliporushiwa kwenye simu, akatuma. Haukupita muda simu ikalia, naye akampa Mama Kufuta aipokee mwenyewe. "Haya, ongea naye wewe uliyejifanya wakili."

Mama Kufuta akaiweka simu sikioni.

"Mwanangu," Mama Kufuta alianza.

"Hii picha naijua. Tulikuwa mlangoni, kwenye mwanga, nimembeba. Nani amemlaza?"

"Mimi, mwanangu. Mimi ndiye fundi."

"Wewe ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Una watoto?"

"Ninaye mmoja. Yuko kwa baba yake."

Yule binti akasema polepole, bila hasira, "Na bado ukaweza," akakata simu.

"Unaona alivyo na kisirani?" shangazi alisema, akiichukua simu yake. "Chapisha ile kubwa."

Mama Kufuta akachapisha ile kubwa.