Shilingi Zilizosomwa Kama Dola

Wakati huo nilikuwa nashughulikia buking, yaani wageni wanaoweka nafasi, katika kambi ndogo ya mahema, si mbali na Issenye. Kambi ilikuwa ya mama mmoja mjane kutoka Tarime, aliyeijenga kwa kuuza ng'ombe wa marehemu mumewe. Kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kompyuta, matangazo ya mtandaoni nayo yakawa yangu.

Matangazo hayo ni mnada. Mtu akitafuta kwenye simu mahali pa kulala Serengeti, jukwaa la matangazo linaendesha mnada hapo hapo na kuamua litoe dau kiasi gani kwa niaba yetu. Mwanzoni nililiagiza lilete buking nyingi tu. Lilileta, ila nyingi zilikuwa za usiku mmoja. Ndipo nikabadilisha. Kila buking ilipokamilika, tovuti yetu ikawa inalitumia jukwaa thamani yake, ili lijifunze ni watu gani wanaotuachia pesa zaidi na liongeze dau kwa wanaofanana nao.

Baada ya wiki tatu ripoti ilionyesha jumla ambayo sikuwahi kuiona, namba tupu isiyotaja sarafu. Nilimwonyesha mama, akafurahi. Lakini barua pepe za wageni wa nje zilianza kupungua, kisha zikakatika kabisa. Waliokuja walikuwa familia za Musoma na Tarime. Walifika Jumamosi, wakaondoka Jumapili. Walikuwa wageni wazuri, wenye kucheka na watoto wao, lakini bei ya wakazi ilikuwa ndogo, na katikati ya wiki mahema yalikaa yamefungwa zipu.

"Mwanangu, ripoti yako inasema tunapata," mama aliniambia. "Mbona mahema ni matupu?"

"Labda ni msimu, mama."

"Msimu gani? Nyumbu wako Mto Mara sasa hivi."

Siku ile ile alimpa mpishi likizo bila malipo. Mpishi alikuwa dada wa Kerende mwenye watoto wawili shuleni. Alifunga mfuko wake, akaniaga kwa adabu kama siku zote, akapanda bodaboda. Tangu hapo nilifungua ripoti kila asubuhi. Namba zilizidi kupanda, nami nilizidi kuziogopa.

Asubuhi moja niliacha kuangalia jumla, nikafungua buking moja moja. Kulikuwa na familia ya Nkende, usiku mbili, shilingi laki sita. Kwenye ripoti iliandikwa dola laki sita.

Nilikuwa nimeandika kwenye tovuti kwamba kila thamani itumwe kama dola, nikasahau kuwa wakazi wanalipa kwa shilingi. Kwa macho ya jukwaa, familia ile ilikuwa tajiri kuliko wageni wote wa Ulaya. Halikukosea. Lilifuata nilichokuwa nimeliambia, likaimalizia bajeti yetu kwa watu wa karibu.

Nilimkuta mama jikoni anamenya viazi mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kusema kosa."

"Marahaba. Kaa."

Nilimweleza. Kisu chake kilisimama.

"Umegundua lini?"

"Leo asubuhi."

"Na mpishi ana siku ngapi nyumbani?"

"Kumi na mbili, mama."

Alimaliza kumenya kiazi alichoshika. Kisha akasema, "Nieleze tena, polepole. Hiyo thamani tunayotuma ni pesa yote anayolipa mgeni?"

"Yote."

"Na kiingilio cha hifadhi kimo?"

"Kimo."

"Hicho si chetu. Tunakikusanya tu, tunakipeleka serikalini. Mbona unaliambia ni chetu?"

Sikuwa nimelifikiria. Siku ile nilirekebisha sarafu, nikaanza kutuma faida inayobaki badala ya jumla, na kwa kutumia namba za buking nikasahihisha thamani za nyuma ambazo jukwaa bado lilikubali zibadilishwe. Kwa kuwa faida ni ndogo kuliko jumla, nilishusha pia kiwango nilichotaka kila dola ya tangazo ilete, la sivyo jukwaa lingeona hakuna mgeni anayekifikia, likaacha kutoa dau.

Baada ya hapo ilibaki kusubiri lijifunze upya. Kwa siku tisa hakuna mgeni wa nje aliyebuki. Nilikula kidogo, nikaruka kila simu ilipolia. Siku ya kumi wazee wawili, mtu na mkewe, walibuki usiku nne. Wiki iliyofuata likaja kundi dogo. Kambi haikujaa msimu ule, lakini mishahara ilitoka.

Mama alitaka kumpigia mpishi arudi kazini. Nikaomba nipige mimi.

"Kumbe ni wewe uliyenirudisha nyumbani," alisema baada ya kunisikiliza.

"Ni mimi, dada. Nisamehe."

Alikuwa amepata kazi kwa mama ntilie huko Nyamongo. Alisema hawezi kumwacha yule mama katikati ya mwezi, atakuja ukiisha. Alikuja, na kwa siku kadhaa alinisalimia kwa ufupi sana.