Imondo ya Meza ya Wakwe

Kazi yangu pale hotelini ilikuwa kupiga kelele. Wengine walipika, wengine walibeba sahani, na mimi nilisimama katikati yao, mbele ya kidirisha kinachotenganisha jikoni na ukumbi, nikisoma karatasi za oda kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika mpaka Likuyani. Jumamosi saa saba mchana, karatasi zikiwa zimebanwa juu ya kidirisha kama nguo za familia ya watoto kumi na wanane, nilichoka hata kope. Miguu ilikuwa imeacha kuuma tangu asubuhi. Ilikuwa imekufa, nimeisimamia tu.

Watu hudhani kuita oda ni kusoma. Nami nilidhani hivyo. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne katika darasa la jioni, na nikajiambia kama niliweza kusoma historia nikiwa nasinzia, karatasi ya "kuku mbili, samaki moja" itanishinda nini? Kumbe kusoma ndiyo sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kuyajua majira ya kila chakula. Kuku wa kienyeji anaitwa kwanza, kwa sababu hata akiwa amechemshwa tangu alfajiri, bado anataka kukaa kwenye nyanya na vitunguu akubali. Samaki anafuata. Mrenda na saga, mboga zetu za kienyeji, hazina shida, zinapashwa tu. Ugali unaitwa mwisho kabisa, mambo mengine yote yakiwa mezani pangu, kwa sababu ugali uliogeuzwa ukasubiri hufanya ngozi juu, na hapa Kakamega mtu akiona obusuma, yaani ugali, wenye ngozi anakuuliza kama ulipikwa kwa ajili ya matanga ya juzi.

Na kanuni ilikuwa moja: hakuna sahani inayoondoka kidirishani peke yake. Meza ya watu watano inatoka na sahani tano, au haitoki.

Tatizo la kanuni hiyo ni kwamba chakula kinachofika mwisho ndicho kinachobeba lawama. Wiki nzima kilichofika mwisho kilikuwa kuku. Samaki wamepangwa, mboga zinatoa moshi, sote tunamkodolea macho mpishi wa kuku, mzee kutoka Navakholo ambaye nilimwita khotsa, yaani mjomba, ingawa hatukuwa na undugu wowote ila wa jasho. Weita wakichoka kusubiri, walianza kupeleka kidogo kidogo, na wateja wakalalamika kwamba wanakula kwa zamu. Ijumaa jioni mwenye hoteli, ambaye sote tulimwita Madam, alisimama mlangoni mwa jikoni akasema bila kupandisha sauti:

"Kesho nina meza ya wakwe. Ikitoka vipande vipande kama zile zingine, mzee wa kuku aende nyumbani akapumzike."

Khotsa alikuwa akinoa kisu. Hakuinua kichwa. Kwa umri wake, kila mtu jikoni alijua kwamba huko kupumzika kungekuwa kwa kudumu.

Basi Jumamosi hiyo ikafika, na meza ya wakwe ikafika nayo: upande wa msichana wakikaribisha upande wa kijana, wazee wenye makoti mazito kwenye joto lile, akina mama wenye vitambaa vya kichwa vilivyosimama kama minara ya simu. Khotsa alikuwa amewapikia kwenye sufuria yao pekee. Kulikuwa na jogoo mmoja mkubwa, mkubwa kiasi kwamba nilimwambia anapaswa kulipa kodi ya nyumba. Jogoo huyo alikuwa wa msemaji wa wageni, na imondo yake, firigisi kwa Kiswahili cha shule, ilipaswa kukaa juu ya bakuli, ionekane. Msemaji wa upande wa kijana akifungua bakuli akakuta hakuna imondo, hajakula kuku. Ametukanwa. Watu wamewahi kuvaa kofia zao wakaondoka kwa jambo hilo.

"Khotsa, kuku wa wakwe!" niliita.

"Namalizia, mwiwa," alijibu, akiniita mpwa wake.

"Samaki wa wakwe!"

"Yuko mafutani!"

Vikaja. Nilivipanga mbele yangu kimoja kimoja, nikifuta kingo za bakuli kwa kitambaa. Khotsa alileta jogoo mwenyewe, akaweka bakuli, na pembeni akaweka kisahani kidogo chenye imondo, niiweke juu mwisho kabisa isizame kwenye mchuzi. Nikageuka kusoma karatasi ya meza ya nne. Nikageuka tena, kisahani hakipo.

Nilitazama chini ya meza. Nilitazama kwenye mfuko wa aproni yangu, kana kwamba mtu hupoteza firigisi kama funguo. Kisha dada wa meza, yule aliyewahudumia wakwe, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Ni Madam amebeba. Amempelekea yule mgeni wake wa barazani, yule anapendanga imondo."

"Amebeba bila kuitiwa?"

"Sasa Madam aitiwe na nani?"

Nyuma yangu, mama wa ugali, ambaye nilimwita senje kama vile ningemwita shangazi yangu, alikuwa ameinua mwiko, tayari kugeuza. Samaki walikuwa wakipoteza ule ukavu wao mzuri. Khotsa alisikia yote. Alifuta mikono kwa aproni taratibu sana, kama mtu anayejiandaa kuivua.

"Ziko zingine?" nilimuuliza.

"Za leo zimeisha. Kuna kuku wabichi wa kesho kwenye friji. Lakini imondo ya kienyeji, mwiwa, hiyo ni kiatu. Hata ukiiwekea moto wa Jehanamu."

"Ichanjwe juu juu?"

"Ichanjwe, isikatike, iingie presha kuka." Alifikiri. "Itachukua muda. Wewe utaweza kuwashikilia?"

Nilitazama karatasi zilizobanwa mbele yangu. Zilikuwa nyingi kama madeni ya Januari. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilitamani kuketi sakafuni nilie kidogo, halafu nisinzie hapo hapo. Badala yake nilifungua mdomo, kwa sababu ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo.

"Senje, shikilia ugali wa wakwe! Usigeuze! Funika, punguza moto!"

"Nishikilie mpaka lini? Huu si mtoto wa kubebeshwa mgongoni!"

"Mpaka nikuite! Samaki wa wakwe wapewe meza ya nne na meza ya sita, wanangoja samaki! Wakwe wakaangiwe wapya, lakini msitie mafutani mpaka niseme! Mrenda urudi jikoni!"

Hivyo ndivyo unavyoishikilia meza. Hutazami sahani zikifa mbele yako. Unazitoa kwa watu wanaozihitaji sasa hivi, unarudisha nyuma kila kinachokufa haraka, unaacha mchuzi peke yake kwenye moto mdogo kwa sababu mchuzi una subira kuliko sisi sote. Meza ya nne ilipata samaki mapema kuliko ilivyotarajia, wakafikiri tunawapenda.

Lakini wakwe walikuwa wameshaanza kutazama mlango wa jikoni. Nilimwita dada wa meza.

"Wamenawa?"

"Bado."

"Nenda na birika na beseni, uanzie kwa mdogo kabisa, umalizie kwa wazee. Maji yakipoa, rudi uchukue mengine. Kisha umwambie yule baba wa kanisa waliyekuja naye kwamba jikoni tunaomba aibariki nyumba kabla chakula hakijaja."

"Yule? Huyo akianza kuomba hataacha mtu. Ataombea hadi miwa."

"Aiombee! Aombee na barabara ya Navakholo!"

Akaenda. Nilirudi kwenye karatasi zangu, nikaita meza ya tisa, meza ya mbili, chai na maandazi ya mlangoni, huku sikio moja likiwa kwenye presha kuka na lingine ukumbini. Sauti yangu ilikuwa imebaki kama ya jogoo mwenye mafua. Ukumbini yule baba alisimama, akafumba macho, akaanza. Aliwaombea wageni, akawaombea wenyeji, akaombea vijana wapate kazi. Aliombea mvua na papo hapo akaombea mafuriko yasije. Sijawahi kusikiliza maombi kwa moyo mkunjufu kiasi kile. Alipofika kwa wagonjwa walioko mahospitalini, presha kuka ilikuwa bado inapiga filimbi, nikamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba wagonjwa ni wengi.

Khotsa aliizima, akatoa mvuke, akaichoma imondo kwa ncha ya kisu. Akanitazama.

"Samaki wa wakwe, mafutani!" niliita.

Imondo iliingia kwenye mchuzi wa jogoo, ikachemka nao ipate rangi. Mrenda ukarudi. Samaki wakatoka wakilia mafuta.

"Senje! Geuza!"

Ugali ulianguka juu ya sahani ukiwa mzima, mweupe, unafuka moshi. Khotsa aliweka imondo juu ya bakuli kwa mkono wake mwenyewe. Ukumbini watu wakasema amina kwa sauti ya njaa, na weita watatu wakaondoka kidirishani wakiwa wamefuatana, bakuli zote, mara moja. Sikupiga makofi. Sikuwa na mikono. Niliegemea meza, jasho langu likitosha kujaza birika la pili.

Muda haukupita, Madam akaingia.

"Wakwe wamekaa sana. Nilikuwa nimesema nini kuhusu kuku?"

Khotsa alianza kufuta kisu chake. Angekifuta mpaka Navakholo. Nami nilikuwa nimechoka mno kuchagua maneno ya adabu, kwa hiyo nikasema yale yaliyokuwa karibu.

"Madam, kuku alifika hapa kwa wakati. Imondo uliyompelekea mgeni wa barazani ilikuwa ya msemaji wa wakwe. Imebidi mzee apike nyingine kutoka mbichi."

Madam aliangalia pale kidirishani, kisahani kilipokuwa.

"Mimi ningejuaje ilikuwa ya nani?"

"Kwa kuuliza, Madam. Hapa kitu huondoka kikiitwa."

Senje alikohoa kwenye mvuke wa sufuria. Wakati huo dada wa meza akarudi na beseni tupu. Hakujua ameingia katikati ya nini.

"Khotsa, yule msemaji ameikata imondo akamgawia baba wa msichana nusu," alisema. "Sasa wanacheka wote. Wanauliza kama kuna mchuzi wa kuongeza."

Madam alivuta pumzi. Alimtazama khotsa, kisha akautazama ukumbi, kisha akamtazama tena.

"Waongezee mchuzi," alisema. "Na kesho uje mapema, mzee. Kuna meza ya kanisa, na hao hula kuku kuliko wakwe."

"Ndiyo, Madam."

Akatoka, mara hii kwa mlango wa nyuma, mbali na kidirisha. Khotsa akachota mchuzi, akauweka mbele yangu, akabaki ameushikilia.

"Nini?" nilimuuliza.

"Ita," alisema. "Si umesema kitu huondoka kikiitwa?"

Nilijaribu. Haikutoka sauti yoyote, hewa tu. Senje alicheka mpaka akaweka mwiko chini, kisha akaniitia yeye, mchuzi wa wakwe, kwa sauti kubwa kuliko yangu ilivyowahi kuwa.