Mshale Uliosoma Sifuri

Tarehe kumi na nne Machi, Jumanne. Kazi ilianza saa mbili asubuhi. Betri ziliunganishwa saa nne. Saa tano kasorobo mtu mmoja alikuwa amelala sakafuni.

Aliyeketi kando ya betri siku hiyo aliitwa Fundi Kimya, msukaji wa koili za transfoma kwa zaidi ya nusu ya umri wake. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, na wengi karakanani walidhani ana maringo. Aliyeweza kumfungua mdomo ni mmoja tu, shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye alimchukua kazini mwenyewe na kumfundisha kushika bisibisi.

Transfoma iliyokuwa mbele yao ilikuwa kubwa kuliko zote walizowahi kupokea. Kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe, ilibidi koili yake ipimwe ukinzani kwa mkondo wa betri. Fundi alibaki chini na betri, swichi na mita ya mkondo. Shemeji akapanda juu ya mashine, kwenye vichwa vya shaba ambako ncha za koili hutokea.

"Shemeji, usisinzie huko juu, nitakushtaki kwa dada yako."

"Nishtaki! Na mimi nitamwambia kwamba mumewe anazungumza na betri kuliko anavyozungumza naye."

Fundi alicheka puani. Akawasha swichi. Mshale wa mita ulipanda kwa kujivuta, kama mgonjwa anayeinuka kitandani, na dakika zikapita kabla haujatulia kwenye ampea kumi. Aliuona uvivu huo, akaona ni ukubwa wa mashine tu, hakuuliza zaidi. Nje, dereva wa lori lililokuja kuichukua alikuwa akipiga honi, na mkuu wa karakana alishachungulia mara mbili.

Vipimo vilipokwisha, shemeji alibana waya mnene kutoka kichwa kimoja hadi cha pili, ili mkondo upate njia ya kuzungukia, betri itakapokatwa. Ndivyo alivyofundishwa. Fundi akazima swichi. Haikutoa cheche hata moja, na mshale ukaanguka papo hapo.

"Sifuri," alisema. "Toa waya, ushuke."

Miaka yote alisoma hivyo, na miaka yote alisalimika, kwa sababu transfoma zake zilikuwa ndogo na mkondo wake ulikufa kabla mtu hajanyoosha mkono. Lakini mita ilikaa upande wa betri. Ilieleza habari za betri, nayo ilikwisha kukatwa. Juu, ndani ya waya ule mnene, karibu ampea kumi zilikuwa bado zinazunguka.

Shemeji alivua glavu, maana zililoa mafuta na kibanio kilikuwa kinamteleza. Akashika kichwa cha shaba kwa mkono wa kushoto, akavuta kibanio kwa wa kulia.

Mlio ulikuwa mkavu, kama kitambaa kinachochanwa. Mwanga wa buluu uliruka penye pengo, kisha mwili ukaanguka.

Alifariki kabla gari halijafika hospitali.

Jioni mkuu wa karakana alimvuta Fundi kando. "Betri ya volti kumi na mbili haiui mtu. Kijana aliteleza kwa mafuta. Tuelewane hivyo, nawe kesho kutwa urudi kazini."

Fundi alimpa kisogo. Alikwenda nyumbani, akamkuta mkewe ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake, kichwa wazi, sauti imemkauka. Wanawake wakawapisha.

"Wanasema kateleza," mkewe alisema. "Niambie wewe, baba watoto. Ulikuwepo."

Neno moja la kukubali lingetosha kumbakizia kazi na nyumba.

"Hakuteleza. Koili haikubali mkondo wake ukatwe ghafla. Ukiufungia njia, yenyewe inapandisha volti mpaka mkondo uruke pengo, zaidi ya betri mara mia na mia tena. Yeye ndiye aliyefungua pengo, na mikono yake ilikuwa pande zote mbili."

"Hakujua?"

"Alijua kusubiri. Mimi ndiye niliyemwambia mkondo umekwisha. Nilitazama mita iliyokaa mahali pasipofaa."

Mkewe alimtazama muda mrefu, kama anayemtafuta mtu aliyemfahamu zamani.

"Mama aliniambia nimpeleke kwako kwa sababu wewe huna haraka," alisema. Akageukia ukuta.

Asubuhi Fundi aliyarudia maneno yale mbele ya mkuu wa karakana na wafanyakazi wote, akaonyesha kwa kidole mahali mita ilipokuwa. Mkuu akamwonyesha mlango. Alitoka na chakula chake cha mchana mkononi, hajakifungua.

Mwaka mmoja baadaye alikuwa mlinzi wa lango kwenye ghala la nafaka, na mkewe alikuwa bado kwa wazazi wake.