Meno ya Posho

Mama Pasi alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini pale hospitali ya serikali lilishasahaulika. Kazi yake ilikuwa chumba cha kufulia, mbele ya pasi ya roli, ile mashine ndefu inayomeza shuka bichi upande huu na kulitema upande wa pili limenyooka. Mvuke wa miaka mingi ulikuwa umemng'arisha uso. Meno ya mbele yalishamtoka, ndiyo maana alicheka kwa kuziba mdomo na pindo la leso, na wenzake walimzoea hivyo.

Msimamizi wao alipokwenda likizo ya uzazi, Mama Pasi ndiye aliyeachiwa funguo za stoo na kalamu ya kusainia mashuka ya wodini. Akakaimu, na kwa kukaimu akaongezewa posho. Msimamizi akajifungua, akarudi, akachukua funguo zake. Mama Pasi akarudi kwenye pasi yake. Posho haikurudi popote. Iliendelea kuingia.

Mwezi wa kwanza alipoiona, alikwenda dirishani kwa karani wa mishahara, kijana waliyemwita Kalamu Mbili kwa sababu ya kalamu mbili zisizotoka mfukoni mwa shati lake.

"Mwanangu, hii hela ya kukaimu mbona bado ipo? Mwenyewe si amesharudi?"

Kalamu Mbili hakuinua hata macho. "Hayo malimbikizo, mama. Si walichelewa kukuanzishia miezi ile miwili? Sasa wanakufidia. Kula tu, jasho lako hilo."

Na kweli walichelewa. Kwa hiyo akala, tena akala kwa meno: alichukua ile posho, akaongezea akiba kidogo, akaenda kwa fundi wa meno kupimwa taya. Siku aliyoingia kazini na meno mapya, mbeba maji alimwaga ndoo, Mama Pasi akacheka mdomo wazi, na msimamizi mwenyewe akasimama na shuka mkononi.

"He! Mama Pasi, kumbe una kicheko!"

Furaha hiyo haikudumu. Miezi miwili ikapita, ukaja wa tatu, posho ikaingia tena. Malimbikizo gani haya yasiyoisha? Siku hiyo aliikunja karatasi ya mshahara ikawa ndogo kama kidonge. Hakwenda kuuliza mara ya pili. Kila alipolipita dirisha la Kalamu Mbili alikaza mwendo, akiangalia viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Ile hela ikawa unga, ikawa karo ya bintiye. Ikazoeleka.

Kisha wakaguzi wa hesabu wakaja. Hakuna aliyemwita Mama Pasi, hakuna aliyemwambia neno. Alichoona ni mshahara umeingia wa nauli tu. Akaenda dirishani, na nyuma yake foleni imejaa.

"Umekatwa, mama," Kalamu Mbili akasema kwa sauti ya kutangaza. "Ukaguzi umeonyesha ulilipwa zaidi. Wameanza kurudisha hela yao."

Foleni nzima ikasikia. Halafu dereva mmoja wa gari la wagonjwa akadakia kutoka nyuma: "Lo! Kumbe yale meno ni mali ya umma! Mama, usitafunie mifupa, siku yoyote yatahesabiwa!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Pasi alitamani pasi ya roli imvute mzima mzima. Akaenda chooni, akayavua meno, akayaosha, akayafunga kwenye leso. Tangu hapo hakuyavaa tena.

"Mama, umeyapoteza?" bintiye alimuuliza alipomwona anauloweka mkate kwenye chai.

"Nimeyapumzisha."

Kesho yake akamfuata katibu wa chama cha wafanyakazi, baba mmoja mpana anayesukuma vitanda vya wagonjwa. "Kaka, niandikie barua. Waambie wachukue mshahara wote, kila mwezi, mpaka deni liishe. Sitaki kusikia tena."

"Na wewe na mtoto mtakula nini, dada?"

"Nimeshashiba aibu."

Katibu akafunga breki ya kitanda. "Jikaze kisabuni, sikiliza. Deni linaweza kuwepo, sikatai. Lakini mwajiri hakuingilii mshahara bila kukuarifu na kukusikiliza. Na hata ukisaini kwa damu, kanuni inasema theluthi ya mshahara lazima ibaki mkononi mwako. Usisaini kitu. Nitaomba wakusikilize. Wewe sema tu uliamini ni halali yako, basi."

Wakasikilizwa katika chumba chenye feni inayolalamika. Mezani alikaa mkuu wa utumishi, mama mwenye miwani ya kamba, na mhasibu pembeni yake. Kalamu Mbili aliitwa pia, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Ile hela uliifanyia nini?" mkuu wa utumishi aliuliza. "Siulizi kwa ubaya, mama. Aliyetumia akiamini ni yake na aliyetumia akijua si yake, hatuwapimi sawa."

Mama Pasi alipeleka mkono kifuani. Akaitoa leso, akaiweka mezani, akaifungua. Meno yakawakenulia watu wote.

"Haya hapa. Nimeyaleta. Nyingine nilishakula."

Mhasibu akasogeza kiti nyuma. Kalamu Mbili akainamisha kichwa.

"Aliniuliza," kijana akasema polepole. "Mimi ndiye niliyemwambia ni malimbikizo. Sikuangalia. Na fomu ya kusitisha posho ilikuwa mezani kwangu, chini ya nyingine."

Katibu akashusha pumzi, akatabasamu. Mambo yamekwisha. Lakini mkuu wa utumishi alikuwa bado anamtazama Mama Pasi. "Na uliamini hivyo mpaka lini?"

Chini ya meza, goti la katibu likamgonga. Jibu lilikuwa jepesi: siku zote. Nani angempinga? Mama Pasi akayaangalia yale meno, akamkumbuka yule mtu anayekaza mwendo dirishani.

"Miezi miwili," akasema, na bila meno sauti ilitoka na upepo. "Walikuwa wananidai... wananidaiwa... aa, nilikuwa nawadai miezi miwili. Wa tatu ulipoingia, nilijua. Nikanyamaza."

Machozi yakamshuka, akayafuta kwa mkono, leso ikiwa na kazi nyingine.

Mkuu wa utumishi aliandika kitambo. "Makosa yalianzia kwetu. Ile tuliyokata bila kukusikiliza itarudi na mshahara ujao. Miezi miwili uliyoamini, nitapendekeza isidaiwe. Napendekeza tu, kusamehe hela ya umma kuna wakubwa wake, watajibu kwa barua. Iliyobaki utalipa, kidogo kidogo, na nyumbani mtakula. Karani naye ana maelezo ya kutoa."

"Na haya?" Mama Pasi akauliza, akiyaonyesha.

"Mama, ofisi haichukui meno. Tafadhali yafunge."

Huko nje katibu alishindwa kujizuia. "Dada, umejichongea! Neno moja tu lilikuwa linatosha."

"Hilo neno ningekuwa nalo mdomoni kila siku, kaka. Na humu nafasi ni ya meno tu."

Siku ya mshahara alisimama foleni kama wengine, meno yakiwa ndani, midomo imefungwa. Kwenye karatasi yake yalikuwepo marejesho, na chini yake makato madogo. Ya ule msamaha, barua ilikuwa haijaja.

"Mama Pasi!" dereva akapaza sauti. "Ya umma wamekuachia?"

Uso ulimchoma. Akageuka. "Meno yanasubiri barua, mwanangu. Unga ndio nimeanza kulipa."

Foleni nzima ikacheka, na kicheko kikamponyoka hata yeye. Mkono ukapanda na pindo la leso kuufuata mdomo kama zamani, ukafika kidevuni, ukabaki hapo.