Ng'ombe wa Bucha ya Gatongora

Mama mwenye bucha kule Gatongora aliniita nimtengenezee nembo upya. Ng'ombe aliyechorwa kwenye nembo ya zamani alikuwa amevimba kingo, tumbo linang'aa, wekundu unafifia kuwa rangi ya machungwa, na chini yake kivuli kizito kama lami. Takataka tupu! Nilifuta vyote, nikabakisha umbo bapa la rangi moja, linaloonekana vizuri hata kwenye simu.

Mama alilitazama. "Huyu amekonda, kijana. Ni mgonjwa?"

Nilibishana naye mpaka akakubali shingo upande. Nikampa fundi wa mabango kutoka Thika mchoro auhamishie ukutani mwa bucha.

Niliporudi, fundi alikuwa ameshaongeza kivuli na mng'ao wa tumbo.

"Ulisahau kumalizia," akaniambia. "Nimekusaidia."

Nilichemka. Mama, mlangoni, alikuwa anatabasamu.

"Ona," akasema, "amepona."