Mahali Pasipo na Upele

Mama aliwashwa mahali pamoja tu, kando ya uti wa mgongo, karibu na bega la kushoto, ambapo mkono wake haukufika. Kila jioni baba alimkuna kwa gunzi la mahindi huku akimtania, "Kumbe uliolewa upate mkunaji!"

Baba alipougua mapafu, muuza dawa wa Mukurweini alisema ule muwasho ni upele wa kuambukiza. Mama alijipaka dawa, akachemsha mablanketi, kisha akahamia jikoni kulala asije akamwambukiza mgonjwa. Baba alimwita, "Njoo nikukune." Naye alijibu, "Nikipona nitakuja." Baba alifariki kabla mama hajarudi chumbani.

Baada ya mazishi nilimpeleka mama kwa daktari wa ngozi, Nyeri mjini. Daktari alimkagua katikati ya vidole, kisha mgongoni, akaona weusi wa kujikuna tu. Alipompitishia pamba, mama alisema hapo anaihisi kwa mbali, kama imepita juu ya sweta.

"Shosho, ngozi yako iko sawa," daktari alisema, akimwita kama bibi yake. "Ni neva inayotoka kwa uti wa mgongo, pengine imebanwa. Haiambukizi mtu."

Mama alifunga vifungo vya blauzi polepole.

"Kwa hivyo ningelala na yeye?"

"Ungelala, shosho."

Alipewa krimu na mazoezi ya mabega. Usiku huo alirudi kwenye kitanda chao. Nilipotandika asubuhi, nililikuta gunzi upande wa baba.