Sketi ya Duara Iliyogawanywa kwa Tatu

"Shangazi, video ikifutwa inakwenda wapi?"

Binti wa kaka yake aliuliza hivyo akiwa na miaka kumi na mmoja, kakaa juu ya gunia la vipande vya vitambaa, miguu haifiki chini. Kidole cha Fundi kilikuwa bado juu ya simu, kwa maana sekunde chache tu zilizopita alikuwa amebonyeza "Futa", simu ikamuuliza kama ana uhakika, naye kwa hasira akaibonyeza tena.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa na chumba kimoja chenye vyerehani vinne, meza ndefu ya kukatia, na wanafunzi tisa wa kushona. Saba kati ya hao tisa walikuwa wamefika mlangoni na maneno yaleyale: "Wewe si ndiye yule wa sketi ya duara?" Video hiyo ilitazamwa mara laki moja na arobaini elfu. Jina lake lilikuwa "Jinsi ya kukata sketi ya duara kamili, hata kama hujui hesabu". Ndiyo iliyomjazia darasa. Bila hiyo, vyerehani vitatu vingekaa vimefunikwa shuka.

Asubuhi ile mtazamaji mmoja alimwandikia: "Mama, nimekata mita sita za kitambaa cha harusi kama ulivyosema. Kiuno kimetoka kikubwa, tunaingia watu wawili. Nifanyeje?"

Fundi akacheka kwanza. Kisha akaitazama video yake mwenyewe tangu mwanzo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana hakupenda sauti yake. Mikono ilikuwa sahihi: kiuno sabini na mbili, chaki ikaweka alama ya tundu sentimita kumi na moja na nusu kutoka kona ya kitambaa kilichokunjwa. Lakini mdomo! Mdomo ulisema, "Chukua kiuno chako, gawanya kwa tatu nukta moja nne." Hiyo ni ya nusu duara. Duara kamili ni sita nukta mbili nane. Aliyefuata mikono alipona. Aliyefuata mdomo alikata tundu mara mbili ya kiuno. Na tundu la kitambaa huwezi kulipunguza kwa kukata tena.

Aibu ikampanda hadi masikioni. Akafuta.

Chaji akaingia na chai yake mkononi. Huyu alikuwa kijana wa duka la kutengeneza simu mlango wa pili, ndiye aliyemfundisha Fundi kupandisha video.

"Fundi, kulikoni? Uso umekuwa kama umeunguza suti ya bwana harusi."

"Nimeifuta ile ya duara. Ilikuwa na kosa. Sasa nirudishie, nibadilishe pale kwenye kosa tu."

Chaji akaweka kikombe chini polepole. "Umeifuta kabisa?"

"Kabisa."

"Mama yangu! Iliyofutwa hairudi. Na hata ingekuwepo, huwezi kutoa video na kuweka nyingine palepale. Mpya inaanza na linki yake, na sifuri yake. Ungeniita tungepandisha mpya kwanza, halafu ile ya zamani tungeificha isionekane kwenye utafutaji, aliye na linki aikute, na juu yake tuandike: usifuate hii, nenda ile. Sasa mwenye linki anakutana na ukuta."

"Basi na wakutane na ukuta. Afadhali ukuta kuliko tatu."

"Na akitoka ukutani anakwenda wapi?"

Fundi akamtuma akachukue kamera.

Walirekodi upya siku ileile. Safari hii aliandika hesabu ubaoni, akaitamka mara tatu, na akaongeza kipande kwa waliokwisha kukata: msitupe kitambaa, kusanyeni kiuno kwa mpira, itakuwa fupi kidogo lakini itavalika. Jina akalichagua mwenyewe: "Samahani sana wapenzi, nilikosea na leo naomba radhi".

"Hilo jina la msiba," Chaji akasema.

"Ndiyo ukweli wenyewe."

Baada ya wiki ilikuwa imetazamwa na watu arobaini na mmoja. Wawili walikuwa yeye na binti wa kaka yake. Wanafunzi wapya, hakuna. Mbaya zaidi, mtu asiyejulikana aliyekuwa amehifadhi ile ya zamani kwenye simu yake aliipandisha kwenye chaneli yake. Ukitafuta sketi ya duara, ya kwanza ilikuwa hiyo: sauti ya Fundi, mikono ya Fundi, na tatu nukta moja nne ya Fundi.

"Mimi naomba radhi kule chini, yeye ananikosesha huku juu!" Fundi akapiga meza, sindano zikaruka.

Chaji akachukua simu, akaandika "jinsi ya kukata ske". Kabla hajamaliza, kisanduku cha kutafutia kikajaza chenyewe: *jinsi ya kukata sketi ya duara kamili*.

"Unaona? Hivyo ndivyo watu wanavyoandika. Hakuna anayeamka asubuhi akatafuta samahani yako. Rudisha jina lako la zamani, maneno yaleyale, mpangilio uleule. Mwishoni ongeza 'imerekebishwa'. Kwenye picha ya mbele andika 6.28 kubwa, ionekane hata jina likikatwa na kioo cha simu."

"Nimvalishe mtoto mpya nguo za marehemu?"

"Ni nguo zako, Fundi. Za marehemu vipi?"

Alinung'unika, lakini akabadilisha. Kisha ikaanza kazi ya kuchosha. Video zake nyingine thelathini na moja zilikuwa na linki ya ile iliyofutwa katika maelezo ya chini. Akazifungua moja moja, akatoa ya zamani, akaweka mpya. Kila iliyoishia na kadi ya "tazama hii" ilikuwa na nafasi tupu, akajaza. Akabandika komenti juu kabisa: "Ile ya mwanzo nimeifuta, hesabu yake haikuwa sawa. Ukiikuta popote, usiifuate." Akatuma kwenye makundi yote ya mafundi. Akang'oa mlangoni karatasi yenye mraba wa kuskani kwa simu, maana ulipeleka watu kwenye video isiyokuwepo. Akatuma ombi la kuondoa nakala ya yule mtu. Ikaondolewa baada ya siku tisa. Siku ya kumi na mbili ikaibuka nyingine.

"Shangazi, umeshasema neno 'linki' mara hamsini," binti akamwambia.

"Hesabu kimya kimya."

Ile mpya ilipanda, lakini kwa mwendo wa konokono. Ilichukua miezi minane darasa kujaa tena. Laki moja na arobaini elfu haikufikia kamwe.

Miaka mitano ikapita. Binti wa kaka yake akawa kidato cha nne, mrefu, miguu inafika chini na kuzidi. Alasiri moja alikuwa anapasi mikunjo, akaingia mwanafunzi mpya, mama wa makamo, na tepu yake shingoni. Fundi akamwambia apime duara kamili aone anajua nini.

Yule mama akapima kiuno, akainama kwenye karatasi. "Hii nagawanya kwa tatu nukta moja nne."

Binti akaweka pasi kando.

"Nani kakufundisha?" Fundi akauliza.

"Dada yangu. Naye kafundishwa na jirani yake. Sijui jirani aliitoa wapi."

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akamgeukia binti wa kaka yake.

"Wewe si uliniuliza ikifutwa inakwenda wapi? Hiyo hapo. Imekuja na tepu yake. Mletee kiti."